Waulize ilianguka wapi

Malindi, Jumapili jioni

Shoga yangu mpenzi,

Salamu nyingi, na wasalimie wote hapo Amu, hasa mama. Usiku ule uliponipigia simu nilikusikia sauti imekauka. Ukaniambia barua ya kukataliwa kwa tenda yako ya vyakula umeikunja na kuitia chini ya godoro, na kesho yake ungevuka hadi afisi ya watu wale ukawaambie yaliyo moyoni. Nilikuomba usivuke kwanza. Kwa simu sikuweza kueleza vizuri, kwa hivyo nimekaa leo nikuandikie kwa kituo.

Unakumbuka tenda yangu ya madawati mwaka juzi? Madawati 240 ya shule, mbao na vyuma. Nilitia bei ya shilingi 4,900 kila dawati, jumla 1,176,000. Siku ya kufungua bahasha nilikwenda mwenyewe, nikaketi nyuma na kalamu yangu. Bei zikasomwa moja moja, na yangu ikawa ndiyo ya chini kuliko zote. Nilirudi karakana nikawaambia mafundi waanze kuuliza bei ya mbao. Wiki tatu baadaye barua ikaja: zabuni yako haikufaulu kwa kuwa haikutimiza masharti. Basi, sentensi moja. Nami nikasikia mjini kwamba aliyepewa ni mwenye bei ya shilingi 5,350. Hiyo ni tofauti ya shilingi 108,000 juu yangu. Sitakuficha, nililala siku mbili nikiamini nimedhulumiwa.

Aliyenitoa hapo ni mzee mmoja wa hapa Malindi aliyefanya kazi ya ununuzi serikalini hadi kustaafu. Aliisoma ile barua, akaniuliza: "Ilianguka hatua gani?" Sikujua. Akanifahamisha kuwa kamati ya tathmini haianzii kwenye bei. Kwanza huangalia masharti ya lazima, karatasi ipo au haipo, imesainiwa au haikusainiwa. Atakayekosa moja hapo hutolewa. Waliobaki ndio huangaliwa ufundi: uzoefu, mafundi, vipimo vya bidhaa. Waliovuka hapo ndio bei zao hulinganishwa. Kwa hivyo bei inayosomwa siku ya kufungua bahasha husomwa tu, haijashindana na yeyote. Yangu ya 1,176,000 huenda hata haikufika mezani. Swali la "mbona mimi wa bei ya chini nimeachwa" ndilo nililokuwa nimejiandaa kwenda kulipigia kelele, na lilikuwa swali la hatua ya tatu, nami huenda nilitoka hatua ya kwanza.

Halafu akanionyesha kwamba barua yenyewe ilikuwa pungufu. Sheria ya ununuzi wa umma ya mwaka 2015, kifungu cha 87, inataka kila aliyeshindwa aandikiwe na apewe sababu, wakati uleule mshindi anapoarifiwa. Kanuni za mwaka 2020, kanuni ya 82, zinaongeza kwamba atajwe aliyeshinda, bei yake, na kwa nini ameshinda. Kwa hivyo kuuliza si ukorofi, shoga yangu, wala si kuomba hisani. Unaomba barua ikamilishwe.

Hapa kwenye siku ndipo nataka usikilize sana. Ukitaka kwenda kwenye bodi ya mapitio kulalamika, kifungu cha 167 kinakupa siku 14 tangu kuarifiwa, na mkataba na mshindi hausainiwi kabla siku hizo hazijapita. Mimi sikuwa na nia ya kwenda huko, nilitaka kujua tu. Lakini yule mzee alinisisitizia niandike siku ya pili au ya tatu, nisingoje ya 12. Akasema ukiuliza mapema, wao hujibu kwa utulivu na wewe hubaki na haki yako mkononi ikiwa jibu litakuonyesha jambo zito. Ukiuliza siku za mwisho, kila neno lako wataliona ni maandalizi ya kesi, nao watakujibu kwa tahadhari, maneno mawili tena. Wewe barua yako ulisema umeipata Jumatano. Basi hesabu kutoka hapo.

Barua niliyoandika ilikuwa fupi. Niliielekeza kwa mkuu wa taasisi, kwa kuwa ndiye aliyesaini ile ya kwanza na ndiye sheria inamtwika dhamana, nikapeleka nakala afisi ya ununuzi, na nakala yangu nikaigongesha muhuri wa kupokelewa. Nakunakilia sehemu yake:

"Nashukuru kwa barua yenu ya kunijulisha matokeo. Sipingi uamuzi wenu. Naomba kufahamishwa, ili nirekebishe zabuni zangu zijazo: zabuni yangu ilisimama katika hatua gani ya tathmini, ni sharti lipi, kwa nambari yake katika hati ya zabuni, ambalo sikulitimiza, na lilionekana kukosekana katika ukurasa gani. Ikiwa ilifika hatua ya ufundi, naomba alama zangu kwa kila kigezo. Pia naomba jina na bei ya aliyefaulu pamoja na sababu ya kufaulu kwake."

Tazama kwamba sikuuliza "kwa nini mmenikataa". Swali hilo hujibika kwa "hukutimiza masharti" na wala hawajakosea. Lakini ukiuliza nambari ya sharti na ukurasa, lazima mtu afungue jalada atazame. Na sikuomba kuona zabuni ya mwenzangu. Siri za biashara za wengine sheria inazilinda katika kifungu cha 67, na ukiziomba unawapa sababu nyepesi ya kukunyima hata ya kwako.

Jibu lilikuja siku ya nne. Hatua ya kwanza, sharti la kurasa kupigwa nambari zote kwa mfululizo. Kurasa 1 hadi 71 zilikuwa na nambari, kurasa 14 za mwisho hazikuwa nazo.

Nilikaa chini. Nilikumbuka palepale. Usiku wa kuamkia siku ya kupeleka nilikuwa nimemaliza kupiga nambari, kisha alfajiri nikapata taarifa za benki na picha za madawati tuliyowahi kutengeneza, nikazibandika nyuma kwa haraka na kukimbia kuifunga. Na siku ya kufungua, pale kwetu walisoma pia idadi ya kurasa. Walisema "kurasa sabini na moja", nami nilikuwa nimeketi palepale na kalamu mkononi, kitabu changu cha zabuni nakijua ni cha kurasa 85, nisishtuke kwa kuwa masikio yalikuwa yakingoja bei tu. Kwa hiyo siku hizi naandika kila kinachosomwa, na baadaye naomba nakala ya kumbukumbu za ufunguzi, maana aliyetia zabuni ana haki ya kupewa akiomba.

Wako waliosema ningelipigania, kwamba nambari za kurasa ni dosari ndogo na kifungu cha 79 kinasamehe dosari ndogo. Huenda. Lakini sharti la kupiga nambari limo ndani ya sheria yenyewe, kifungu cha 74, na hati ya zabuni ilikuwa imeandika waziwazi kwamba ni la lazima. Nambari zipo kwa sababu ya maana pia: zinazuia mtu kuchomoa karatasi yako, au kuchomeka ya mwingine, baada ya bahasha kufunguliwa. Nilipolitazama hivyo, sikuona la kugombea. Kamati ilifanya iliyoandikiwa kufanya.

Ila liko jambo lililonichukua muda kulielewa. Jibu lile lilinifundisha kosa moja tu. Kwa kuwa nilitolewa mlangoni, hakuna aliyeangalia ufundi wangu wala bei yangu. Sikujua kama yaliyobaki yalikuwa mazuri au mabovu, na sikuwa na haki ya kujisifu kwamba "ningeshinda isingekuwa nambari". Nilichofanya ni kuchukua nakala yangu na ile hati ya zabuni, nikamketisha yule mzee aipitie kama kamati, sharti kwa sharti. Hazikupita dakika ishirini akakuta jingine: kwenye fomu ya zabuni niliandika bei yangu itasimama siku 90, nao walitaka siku 120. Kwa hilo pia ningetolewa, hata kurasa zote zingekuwa na nambari. Kamati haikulitaja kwa sababu sharti moja lilitosha kunitoa. Kwa hiyo wewe ukipata jibu lenye kosa moja, usilishike hilo peke yake.

Tenda iliyofuata, ya viti na meza za chekechea, nambari nilipiga mwisho kabisa, kitabu kikiwa kimeshakamilika, kwa mkono mmoja na kalamu moja, kisha binti yangu akazihesabu kutoka nyuma kurudi mbele. Nilishindwa tena. Nikaandika tena, barua ileile. Safari hii jibu lilisema nilifika hatua ya bei, ufundi nilipata 81 kwa mia, na aliyenishinda alikuwa chini yangu kwa shilingi 46,000. Shoga, siku ile nilifurahi kweli, na mume wangu hakunielewa. Lakini ilikuwa mara ya kwanza kujua kwamba kazi yangu imepimwa. Nikaenda kutazama usafiri, maana niliweka lori kutoka Mombasa kwa mbao, na mwenzangu yule alikuwa akipata mbao karibu. Hilo ni jambo la kushughulikia. Hasira za mwaka ule mwingine hazikuwa na pa kushikia.

Sasa turudi kwako. Wewe umetia tenda ya vyakula, na waliokujibu wameandika "hukukidhi vigezo". Itoe barua chini ya godoro, uinyooshe, uipige picha unitumie, pamoja na kurasa za hati zenye masharti ya lazima na fomu yako ya zabuni. Tazama hasa cheti chako cha kodi kama muda wake ulikuwa haujaisha siku ya kufungua, na ile fomu ya ahadi mnayotia ninyi wa kikundi cha akina mama badala ya dhamana ya benki, kama imesainiwa na kugongwa muhuri. Sisemi kosa liko hapo. Nataka tu tuwe tumejitazama wenyewe kabla jibu halijaja.

Barua yako uiandike kesho. Ukivuka kuipeleka, mpe karani, ngoja muhuri, urudi. Usiingie kwa afisa yeyote kuzungumza siku hiyo. Wakikaa siku tatu bila jibu, nipigie, tutaandika ya kukumbusha zikiwa siku 14 bado hazijaisha.

Niletee habari, na usisahau kumwambia mama kwamba maembe yake nitayatuma na basi la Alhamisi.

Ni mimi shogako,
wa Malindi