Unga wa damu: kilo 3 kwa 100, usizidishe

Mteja wetu mmoja alirudi na kiroba nusu, amekasirika. Kuku wake wa mayai walikuwa wanachokoachokoa tu chakula, na trei zimepungua. Tulipomuuliza alichanganyaje, akasema ndani ya kila kilo 100 ametia kilo 10 za unga wa damu, maana alisikia unaishinda dagaa kwa protini. Ni kweli, karibu asilimia 80 yake ni protini. Kosa ni letu, tulimuuzia bila kumweleza yaliyobaki.

Protini ya damu ina pengo. Kati ya vijenzi vya protini, laisini, ambayo mahindi hayana ya kutosha, imejaa tele, lakini isolusini ni kidogo sana, na kuku akiikosa hiyo hata protini nyingine anayokula haimjengi vizuri. Tena ladha yake kuku hawaipendi. Ndiyo maana tunasema kilo 3 ndani ya 100, na mashudu ya soya yasiondolewe, kwa kuwa ndiyo yanayoziba pengo hilo.

Damu yenyewe tunaichukua machinjioni alfajiri. Ng'ombe mmoja hutoa kama lita 10, na tunaikinga kwenye ndoo safi kabla haijagusa sakafu, kwa sababu ikishachanganyika na maji ya kuoshea na uchafu wa matumbo, kuni zinaisha kwa kuchemsha maji matupu. Asubuhi hiyohiyo inaingia jikoni. Ikilala, na joto hili letu, inavunda. Tunaichemsha huku tukikoroga mpaka yote igande mabonge, tunaiacha ichemke dakika 20 zaidi, tunakamua maji, kisha tunaanika juu ya turubai lililoinuliwa. Ng'ombe 12 hutupa lita 120, lakini sehemu kubwa ya damu ni maji, kwa hiyo tunaambulia kilo 20 hivi za unga mkavu.

Hapo kwenye kukausha ndipo wengi wanapoharibu. Anayeukaanga motoni ili aupate haraka anaiunguza laisini, unga unakuwa mweusi wa mkaa na unanuka kuungua. Mzuri ni wa kahawia iliyokolea. Ukiufinyanga kiganjani ukashikamana, haujakauka, utaota ukungu. Chukua pia kijiko kimoja, koroga kwenye glasi ya maji, usubiri: mchanga ukiwepo utatangulia kutua chini.

Ng'ombe, mbuzi na kondoo usiwape kabisa. Kichaa cha ng'ombe kilisambaa Uingereza kwa kuwalisha ng'ombe unga wa nyama na mifupa ya wenzao, na sisi hatuwauzii wafugaji wa maziwa hata wakiomba.

Yule mteja hakumwaga chakula chake. Tulimpimia kilo 30 za mchanganyiko wake, tukaongeza kilo 70 za chakula kisicho na damu, tukageuza kwa koleo mpaka rangi ikawa moja.