Hela umeshalipa, mbona tunakuuliza maswali tena?

Juzi tena kuna mteja katuwashia moto kwenye meseji. Ni mkunga, anaomba kusoma uzamili wa uangalizi wa watoto wachanga, katulipa tumwandikie maelezo binafsi, ile stetimenti ya kuombea chuo, halafu badala ya kutumiwa rasimu katumiwa maswali, "sasa hapo kazi anafanya nani?" Hili lalamiko haliishi, na wakunga ndo wanaongoza, kwa hiyo ngoja tulijibu vizuri.

Rasimu za wakunga tunazoletewa zinafanana sana. Aya nzima uchungu ulivyochukua muda, aya nyingine mama alivyotoka damu nyingi akaokolewa, halafu mtoto anapewa mstari mmoja, "alizaliwa salama". Sasa jamani, anayesoma hiyo stetimenti anatafuta mtu wa kumlea kichanga kwenye zile siku 28 za mwanzo. Kwamba unajua kuzalisha keshaona kwenye vyeti. Anachotaka kujua ni jicho lako linaona nini mtoto akishatoka, ndo maana tunasema anzia pale kazi ya mkunga inapoishia, unapomkabidhi mtoto wodi ya vichanga.

Kuna dada alituletea rasimu inaanza "tangu nikiwa mdogo nilipenda watoto". Tukamuuliza, mtoto gani hajakutoka kichwani mpaka leo? Akasema njiti wa wiki 30, alitoka hapumui, akampa pumzi kwa begi na maski ndani ya ile dakika ya kwanza, mapigo yakapita 100, akalia, leba nzima wakampongeza. Tukauliza, halafu? Akanyamaza kidogo, akasema alipofika wodi ya vichanga wakampima joto, 35.2. Inatakiwa 36.5 mpaka 37.5.

Stetimenti ilikuwa imejificha hapo! Wote walikuwa wamehangaika na pumzi, hakuna aliyewaza joto, feni inazunguka, kofia hakuna. Na njiti wa umri ule huingizwa kwenye mfuko wa plastiki mpaka shingoni bila kusubiri kumkausha, kichwa nje na kofia, juu yake kuna hita. Mifuko ilikuwepo ila kabatini, mbali na meza ya kufufulia. Baada ya siku ile akawa anaweka mfuko na kofia mezani kabla mama hajaanza kusukuma, na joto la mtoto analiandika kabla hajamkabidhi. Hilo hawezi kulikopi mtu popote.

Chuo kilimpa maneno 700. Tukampangia kama 300 kwa njiti yule na alichobadilisha, 250 kwa asichokijua na somo gani kwenye kozi litamsaidia, zinazobaki uzoefu na atakachofanya akirudi kazini. Hiyo sehemu ya pili ndo watu wanaikimbia, wanaona kukiri hujui ni kujichongea. Yeye aliandika wazi kwamba anajua mtoto akipoa anachoma sukari na oksijeni nyingi akijaribu kujipasha, ila masaa yanayofuata, lini umwongezee msaada wa kupumua, majimaji kiasi gani, hapo anaishia kumwangalia nesi wa vichanga. Kisha akataja somo la kuimarisha hali ya njiti kwa jina lake kama lilivyo kwenye ukurasa wa kozi. Sio "kozi yenu ni bora", hiyo kila chuo kinaambiwa.

Jina la mama, tarehe na namba ya kitanda tulifuta, "wiki 30" inatosha. Na lawama kwa wenzake wa zamu tulifuta pia, maana msomaji anaona mtu atakayewasema na wao.

Sasa ile njia ya mkato. Unachukua stetimenti ya shoga yako aliyeshachaguliwa, unabadilisha majina. Mifumo ya vyuo ya kulinganisha maandishi ikikukosa, usaili haukukosi. Mteja wetu mmoja kabla hajatufikia alikopi ya mwenzake inayosifia sipapu, mashine ya kumsaidia mtoto kupumua, wakati kwao haipo hata moja, akaulizwa utajuaje mtoto amezidiwa akiwa kwenye sipapu. Mtu aliyekaa na mtoto angesema anaguna, mbavu zinavutwa ndani, oksijeni unaongeza kila saa na bado haitoshi. Yeye akabaki anatafuta maneno, akakosa nafasi, ada ya maombi ikaenda, kaja kwetu msimu uliofuata kuanza upya.

Kwa hiyo bei yetu haijapanda kwa kuandika, kuandika ni sehemu ndogo tu, unalipia ile simu ndefu ya "halafu ikawaje" na rasimu kurudi kwako mpaka kila sentensi uweze kuitetea kwa mdomo. Ukitaka haraka, tutumie mapema vitu vitatu: ukurasa wa kozi, idadi ya maneno, na sauti ya wasap unamwelezea mtoto mmoja tu. Ongea kama unavyoongea na mwenzako wa zamu, kupanga tuachie sisi.