Tangazo la darasa la kwanza litaje tarehe ya kuhesabia umri

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi niwaombe walimu wakuu wa shule za msingi hapa Tanga jambo moja kuhusu uandikishaji wa darasa la kwanza. Sera ya elimu, toleo la 2023, inataka mtoto aanze akiwa na miaka sita. Lakini tangazo likisema tu "awe ametimiza miaka sita", mzazi habaki na jibu. Ametimiza kufikia lini?

Chukua watoto wa kuanza Januari 2027. Ukihesabu umri kufikia 1 Januari 2027, rudi nyuma miaka sita: anayestahili ni aliyezaliwa 1 Januari 2021 au kabla yake. Ukihesabu kufikia 31 Desemba 2027, wote wa mwaka 2021 wanaingia, hata wa mwezi wa kumi na mbili. Mtoto wa Agosti 2021 anapita kwa hesabu moja na kukataliwa kwa nyingine, ilhali tangazo ni lile lile.

Wengi wetu tunatoa mwaka kwenye mwaka, 2027 toa 2021, tunapata sita na kwenda kununua sare. Huyo wa Agosti, Januari ikifika, atakuwa na miaka mitano na miezi mitano. Kwa hesabu ya kwanza, mahali pake ni darasa la awali. Ndiyo maana mzazi aulize kwanza tarehe ya kuhesabia, ndipo arudi nyuma miaka sita na kulinganisha siku, mwezi na mwaka.

Tarehe ya kuzaliwa nayo isomwe kwenye cheti cha RITA au kadi ya kliniki, isitegemee kumbukumbu ya bibi. Sisi watu wa pwani siku mpya tunaianza jua likizama. Mtoto aliyezaliwa saa tatu usiku, Ijumaa ya 1 Januari 2021, nyumbani huitwa wa usiku wa Jumamosi, na anayemwandikisha kwa mdomo atataja tarehe 2. Hospitali imeandika tarehe 1. Siku hiyo moja inaweza kumgharimu mwaka mzima. Cheti na kadi vikipishana, ni heri kwenda mapema kwa msajili wa wilaya kuliko kusubiri msongamano wa Januari.

Na aliyefikisha miaka saba asirudishwe nyumbani kwa kisingizio chochote: Sheria ya Elimu ya 1978 inamlazimu mzazi kumwandikisha, na mwenye umri huo ana haki ya kupokelewa.

Walimu wakuu, ongezeni mstari mmoja tu kwenye tangazo: "umri utahesabiwa kufikia tarehe fulani", na chini yake muandike tarehe ya mwisho ya kuzaliwa inayokubalika. Ofisi ya elimu ya kata ihakikishe shule zote za kata zimebandika tarehe moja.

Mzazi,
Ngamiani, Tanga