Kaka Hamisi, kabla hujampigia dalali

Kaka Hamisi,

Mambo vipi, shemeji na watoto wazima? Huku Mbagala tupo, mvua tu ndo inatusumbua, jana daladala zilikwama Mtongani nikafika home saa nne usiku. Nimeisoma meseji yako mara mbili. Unasema kuna benki pale soko la hisa la Dar, DSE, hisa zake zimeporomoka, kila mtu anaikimbia, na we unaona hapo ndo pa kuingia kwa sababu watu wakikimbia bei inakuwa ya kutupa. Wazo si baya kaka, mi mwenyewe hela yangu nzuri nimeipata hivyo hivyo, ila na hela niliyowahi kuipoteza yote ilipotea hivyo hivyo pia. Kwa hiyo ngoja nikueleze ninavyoangalia.

Unakumbuka ile kampuni niliyonunua kipindi kile tunapanga wote Temeke? Ilikuwa imeshuka sana nikajiambia haiwezi kushuka zaidi ya hapo. Ikashuka, afu ikasimamishwa kuuzwa kabisa, na zile karatasi ninazo mpaka leo kwenye kabati. Kosa langu ni kwamba niliangalia bei tu, sikuuliza ugonjwa uko wapi. Na bei kaka haikwambii ugonjwa, inakwambia tu kwamba watu wana hofu.

Sasa chukua CRDB, hiyo tunaifahamu wote. Mwaka 2009 hisa ziliuzwa kwa umma shilingi 150. Miaka ikapita, afu 2016 serikali ikaamuru taasisi zake zihamishie hela Benki Kuu, yaani BoT, mikopo chechefu, ile watu wameshindwa kulipa, ikapanda kwenye mabenki karibu yote nchini, na faida ya CRDB iliyokuwa kama bilioni 74 mwaka 2016 ikadondoka mpaka kama bilioni 36 mwaka 2017. Hisa nayo ikateremka, kuna wakati ilifika chini ya shilingi 100, yaani mtu aliyenunua siku ya kwanza amekaa miaka kumi na bei iko chini ya aliponunulia. Kule kijiweni ukitaja hisa za benki unaangaliwa kama umechanganyikiwa. Hebu piga hesabu: hisa ni kama bilioni 2.6, ukizidisha kwa shilingi 100 benki nzima ilikuwa inauzwa kama bilioni 260, wakati mtaji wa wanahisa kwenye vitabu ulikuwa zaidi ya bilioni 700. Soko lilikuwa linasema zaidi ya nusu ya huo mtaji ni hewa.

Je, ilikuwa hewa? Hapo ndo kazi ilipo. Mabenki yanatoa hesabu kwenye gazeti kila robo mwaka, ukurasa mmoja wa namba ndogo ndogo, watu wanafungia maandazi. Mi huwa nautandaza mezani na kalamu, afu siangalii kwanza faida ya mwisho. Natafuta mapato yote, natoa mishahara na matumizi mengine ya kuendesha benki, naona kimebaki nini KABLA ya kutoa ile hela inayotengwa kufidia mikopo isiyolipika. Tuseme benki inaingiza 100, matumizi 60, inabaki 40, afu inatenga 35 kwa ajili ya mikopo mibaya, faida inabaki 5. Mtu wa kijiweni anaona 5 anasema imekufa. Lakini injini inazalisha 40 kila mwaka kaka! Siku mikopo mibaya ya zamani ikiisha kutengewa, ile 35 inarudi kwenye faida bila benki kuongeza mteja hata mmoja. Sasa benki nyingine inaingiza 100, matumizi 105. Hii hata kama mikopo yake yote ingekuwa inalipwa bado inakula mtaji wake yenyewe. Zote mbili zinaweza kuwa na bei ya kutupa na zote watu wanazikimbia, ila moja imejeruhiwa na nyingine imekufa.

Cha pili ni amana. Benki inaishi kwa hela za watu, na mwenye amana akianza kuondoka hakuna mahesabu yatakayoiokoa. Ule ukurasa wa gazeti una mstari wa ukuaji wa amana, usome robo nne au tano mfululizo, sio moja. Mwaka 2018 mi nilikuwa napita sana tawi la CRDB Kariakoo kupeleka mauzo ya dukani, na foleni ya kuweka hela ilikuwa ndefu kuliko ya kutoa, wafanyabiashara na mifuko yao ya rambo imejaa noti, jasho linawatoka, hakuna hata mmoja anayeongelea bei ya hisa. Nilisimama pale nikawaza, aliyekata tamaa na hii benki ni mwenye hisa, mteja hana habari. Namba nazo zikaja kusema hivyo hivyo, 2018 faida ikapanda kama bilioni 64, na 2019 ikafika kama bilioni 120. Rudi kwenye ile bilioni 260 uone mtu alikuwa ananunua faida ya miaka mingapi.

Cha tatu ni mtaji, na hapa ndo wengi wanaumia. BoT ina mstari wake, mtaji wa msingi ukilinganishwa na mali zenye hatari, hasa mikopo, usishuke chini ya kiwango. Benki ikiwa juu ya mstari ina muda wa kujiponya. Ikiwa chini haina muda, kwa sababu lazima itafute hela mpya, na hela mpya ikija inaingia kwa masharti ya mwenye nazo, we wa zamani unabaki na kipande kidogo sana hata benki ikipona. Au hela isije kabisa. Januari 2018 BoT ilifunga benki tano ndogo kwa mpigo kwa sababu ya mtaji. Na Yetu Microfinance, ambayo ilikuwa imeorodheshwa DSE kabisa, Desemba 2022 BoT iliiweka chini ya usimamizi wake, shida ikiwa ukwasi, yaani hela ya kuwalipa wateja, na mtaji. Hapo ungesema nimenunua rahisi usingekuwa umenunua kitu.

Kuna mtego mmoja hapo kwenye mikopo. Benki inaweza kumpangia upya mkopo mtu asiyelipa, akapewa miezi zaidi, na kwenye karatasi mkopo ukaonekana mzima. Kwa hiyo ukiona mikopo chechefu imeshuka ghafla, nenda kwenye ripoti ya mwaka, ile kubwa yenye maelezo nyuma, uone mingapi imepangwa upya na mingapi imefutwa. Halafu angalia riba ambayo benki imeihesabu kuwa mapato ila haijaipokea mkononi, kama inakua haraka kuliko mikopo yenyewe, mi hapo nanyanyuka.

Na hata ukipata nzuri, jiandae kukaa. Pale DSE kuna siku unataka kuuza na hakuna mnunuzi, na CRDB ilikaa chini miaka, sio miezi. Usiweke hela ya ada ya watoto.

Hiyo benki yako hujaniambia matumizi yake yako wapi ukilinganisha na mapato, na hujaniambia mtaji. Tafuta magazeti ya robo nne zilizopita, au ingia kwenye tovuti yao zinawekwa, niletee Jumamosi pale kwa mama ntilie wa Rangi Tatu tuzipitie pamoja na kalamu. Mpaka hapo usimpigie dalali.

Nduguyo,
Seif