Barua ya wazi kwa waziri wa biashara: zulia langu limekuja saizi ya taulo

Mheshimiwa Waziri, shikamoo. Naandika kuhusu haya maduka ya mtandaoni ya dropshipingi, yaani muuzaji hana stoo, hana mzigo, hajawahi hata kuushika, ye anachukua hela yako then anaagiza kwa mtu mwingine huko mbali akutumie moja kwa moja.

Niliona zulia limejaa sebule nzima, sofa juu yake, taa za kimahaba, nikalipia. Wiki ya tano kikaja kifurushi cha kukunja mkononi, ndani kuna kitambaa chepesi sentimita 40 kwa 60, picha ya zulia imechapwa juu. Paka akilalia mkia unabaki nje. Nikarudi kwenye ukurasa nimejaa hasira, kumbe vipimo vilikuwepo, chini kabisa, na saizi iliyokuwa imeshachaguliwa tayari ni ile ndogo kuliko zote, ndo maana bei ilikuwa tamu. Sasa hapo unamshtakije mtu wakati aliandika?

Nikawaandikia imeili. Wakasema baki nalo tukurudishie asilimia 15, nikakataa, wakapanda 30, nikakomaa, wakaniambia basi rudisha kwenye ghala letu nje ya nchi kwa gharama yako, na gharama yenyewe inazidi bei ya zulia. Huo ndo mchezo wao, wanajua utachoka. Kilichonisaidia ni benki: nilipinga malipo ya kadi kwa sababu bidhaa haifanani na tangazo, nikaambatanisha skrinshoti ya tangazo, picha ya zulia na futi kamba pembeni, na zile imeili. Ila benki ina kikomo cha siku za kupinga malipo, na hawa wanakuzungusha na "subiri kidogo" mpaka kipite.

Siku hizi kabla sijalipa naipitisha picha kwenye Google Lens, nikiikuta kwenye maduka kumi yenye majina tofauti nafunga. Jina la tovuti naliweka lookup.icann.org naangalia tarehe ya Created, maana duka linalojisifu lina wateja wa miaka mingi halafu limesajiliwa mwezi jana, hapana. Then nasoma sera ya kurudisha mzigo, anwani ipo au hakuna, na nachukua futi napima vile vipimo sakafuni kwangu. Hii ya mwisho peke yake ingeniokoa.

Lakini mheshimiwa, sio kila mtu atafanya upelelezi ili anunue zulia. Naomba sheria iwalazimishe waweke vipimo na siku za kufika pembeni ya bei, kabla ya kitufe cha kulipa, na bidhaa isipofanana na picha gharama ya kuirudisha iwe ya aliyepokea hela.

Jana nimeliona tena zulia lile lile, picha ile ile, duka lina jina jipya, Created wiki mbili zilizopita.