Barua ya wazi kwa Waziri mwenye dhamana ya mawasiliano: tusio na sanduku la posta tujaze nini?

Mheshimiwa Waziri,

Shikamoo. Nina steshenari ndogo pembezoni mwa Jiji la Dodoma. Kazi yangu kubwa siku hizi ni kuwajazia watu fomu za mtandaoni: vyuo, ajira, leseni. Tukishamaliza majina na namba ya NIDA, tunakwama palepale: S.L.P. na postikodi, zote zina nyota nyekundu. Mteja hana sanduku, na tangu azaliwe hajabishiwa hodi na mtu wa posta.

Basi watu hujaza chochote. Wengi huandika 255, ambayo ni namba ya simu ya nchi yetu. Wengine huweka 00000. Kijana mmoja aliandika sanduku la sekondari aliyosoma. Barua ya chuo ilifika kweli, ikalala kwenye ofisi ya shule, naye akaipata wiki mbili baada ya tarehe ya kuripoti. Nilimwona akiishika ile bahasha hapa kaunta, hakusema neno.

Mheshimiwa, fomu hizi zinachanganya vitu viwili. S.L.P. ni kisanduku chenye ufunguo kwenye ofisi ya posta, na hulipiwa. Usipokikodi, huna. Postikodi ni ya kata, na kila kata inayo, hata isiyo na posta. Ina tarakimu tano: ya kwanza ni kanda, ya pili mkoa, ya tatu wilaya, mbili za mwisho kata. Ndiyo maana zetu za Dodoma huanza na 41.

Kwa hiyo wateja wangu nawafanyia hivi. Natafuta postikodi ya kata yao kwenye NaPA, mfumo wa taifa wa anwani za makazi, naiandika ilivyo. Kwenye mstari wa anwani naweka namba ya nyumba na jina la barabara, vile vibao vya Operesheni ya Anwani za Makazi ya 2022, kisha mtaa na kata. Nyumba ikiwa haina kibao, naandika mtaa, kata na namba ya simu. S.L.P. naiacha wazi. Mfumo ukikataa, naandika "HAKUNA". Kama ni lazima barua ije kwa posta, tunaomba sanduku la mtu aliye karibu, kwa ruhusa yake, na tunaandika "kwa mkono wa" na jina lake, ili ajue barua ni ya nani.

Shida ni mifumo isiyopokea herufi kwenye S.L.P. Hapo sina la kumwambia mteja, maana namba yoyote nitakayoandika ni sanduku la mtu mwingine.

Naomba utoe mwongozo kwa taasisi zote za umma: S.L.P. iondolewe nyota nyekundu, na mwombaji akichagua mkoa, wilaya na kata, postikodi ijijaze yenyewe. Dirisha la maombi ya vyuo likifunguliwa, foleni hapa dukani huanza saa moja asubuhi. Ningependa mwongozo huo uwe umetoka kabla ya hapo.

Wako mtiifu,
Mwenye steshenari, Dodoma