Kwa Mwanaidi, kuhusu gari la maharusi

Tanga, Jumapili usiku

Shoga yangu Mwanaidi,

Habari za tangu siku zile? Sisi hatujambo, mama anakusalimu, na mguu wake sasa unakanyaga. Nimekaa kimya tangu Idi, unisamehe. Ila leo mama Shufaa kapita hapa, kaniambia Jumamosi unapamba gari la maharusi na kirikuu cha matarumbeta, na kwamba umeshanunua selotepu roli sita. Nikasema silali bila kukuandikia.

Mwanaidi, selotepu usiibandike kwenye rangi ya gari. Unalikumbuka lile gari jeupe la kuazima, la harusi ya Rehema? Nilibandika saa 3 asubuhi, likashinda juani, nikabandua usiku. Juu ya tairi la kushoto rangi ikatoka na selotepu, kipande cha kiganja. Fundi akanionesha kwamba pale palishawahi kugongwa na kupigwa rangi upya, na rangi ile haikushika vizuri. Kwingine rangi ilibaki, lakini gundi ililainika kwa jua ikang'ang'ania. Hiyo niliitoa kwa kitambaa chenye mafuta ya kula: unaiacha ilowe, unasugua polepole, kisha maji ya sabuni. Thina usiisogeze, inakula rangi.

Siku hizi sibandiki kitu, nafunga tu. Kwanza gari lioshwe na likaushwe, maana vumbi likibaki chini ya utepe linageuka msasa. Chukua utepe wa mita 5, ukunje katikati, uupitishe kwenye kulabu ya kuvutia gari chini ya bampa. Pande mbili zipande juu ya boneti mpaka milango ya mbele. Fungua mlango, ingiza ncha upande wa bawaba, piga fundo kubwa libaki ndani, ufunge mlango. Utepe hauvuki kioo wala waipa. Halafu dereva azungushe gari mtaa mmoja, urudi kukaza. Utepe uliolegea ukipigwa na upepo unachapa boneti njia nzima, na alama zake huzioni mpaka kesho yake, jua likimulika kwa ubavu.

Maua yafunge kwenye utepe wenyewe, chini yake weka flana iliyokunjwa. Ncha za waya zipinde ziangalie juu, uzizungushie kitambaa. Karatasi laini za rangi achana nazo, maana zikinyeshewa zinatoa rangi, na kwenye gari jeupe utalia.

Sasa dereva. Wapambaji wengi wanasimama mbele ya gari wakilitazama, hakuna anayekaa kwenye usukani. Mimi naweka ndoo ya lita 20 mbele ya bampa kabla ya kupamba, nakaa kitini, mtu anaisogeza mbele mpaka nione ukingo wake. Nikimaliza kupamba narudia. Kwa Rehema ilikuwa hatua nne, na baada ya lile shada langu ikawa nane. Zile hatua nne zilizoongezeka ndipo watoto wanapokimbilia kutunza ngoma! Nililipunguza shada likabaki nusu shubiri, nikalisogeza mbele na kushoto, kwa kuwa dereva anakaa kulia. Ndoo ikarudi hatua nne.

Mafundo ya saiti mira yafunge kwenye shina lake, mikia mifupi, isije ikapepea mbele ya kioo.

Kirikuu ndicho kinachonitia hofu zaidi. Wapiga matarumbeta wakijaa nyuma, kioo cha ndani hakioni kitu, dereva anabaki na vile viwili vya pembeni tu. Matawi ya minazi yafunge kwenye kulabu za bodi, yalale kuelekea nyuma, yasitokeze pembeni. Taa, indiketa na kibao cha namba viwe wazi. Na mbele usizibe grili kwa kitambaa. Msafara unatambaa, upepo hauingii, rejeta itachemka, mkwame njiani na bibi harusi anasubiri.

Hizo selotepu hazijapotea, zitumie kufungia maua na zile ncha za waya. Lakini kwenye rangi, nakuomba, usibandike hata kipande kimoja.

Gari lenyewe ni la nani, na limewahi kupigwa rangi? Dereva ni yule mjomba wa Shufaa, au mwingine? Mtapita barabara kuu au ndani kwa ndani? Na flana unazo, au nimpe mama Shufaa akuletee Alhamisi? Nijibu upesi, hata kwa mistari miwili.

Wako,
Zuhura